Mtoto anapookolewa na tundu la moyo

MZAZI anapoambiwa kwamba moyo wa mtoto wake una tundu, hofu humshika. Hata hivyo, kuna maradhi ambayo tundu hilo ndilo humweka mtoto hai, na pengine daktari hulazimika kulipanua kwanza kabla ya upasuaji.

Kwa kawaida, msomaji, upande wa kulia wa moyo hupokea damu iliyotoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Damu hiyo hurudi upande wa kushoto, ambao huisukuma mwilini kupitia mshipa mkubwa uitwao aota.

Kwa watoto wengine, aota na ateri ya mapafu hubadilishana mahali wakati moyo unapoumbika tumboni. Aota hutoka upande wa kulia, na ateri ya mapafu hutoka upande wa kushoto. Damu isiyo na oksijeni hurudishwa mwilini ilivyo, nayo iliyojaa oksijeni hurudishwa mapafuni. Badala ya mzunguko mmoja kuna miwili, na kila mmoja uko peke yake.

Mtoto akiwa tumboni hadhuriki, kwa kuwa oksijeni huipata kwa mama kupitia kondo la nyuma. Baada ya kuzaliwa, anaishi tu ikiwa damu ya mizunguko hiyo miwili inachanganyika. Hilo huwezekana kupitia njia mbili ambazo kila mtoto huzaliwa nazo: tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, na mfereji mfupi unaounganisha aota na ateri ya mapafu. Mfereji huo hujifunga katika siku za kwanza, na tundu nalo huanza kuziba. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto hawa hufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja, na takriban tisa katika kila kumi hawafikishi mwaka.

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa na kilo 3, akalia vizuri. Siku ya pili mama anaona midomo na ulimi vimekuwa vya buluu. (Kwa mtoto mweusi, tazama ndani ya mdomo, mikono na miguu pekee huweza kuwa ya buluu kwa sababu ya baridi.) Mtoto anapumua haraka, lakini hahangaiki sana. Kipimo kinaonyesha kiwango cha oksijeni katika damu ni asilimia 65, ilhali kinatakiwa kuzidi 95. Anawekewa oksijeni, na kiwango kinafika 68 tu.

Hapo ndipo daktari hushuku moyo. Kama ni nimonia, kwa kawaida oksijeni ingekipandisha kiwango hicho. Lakini hapa damu ya mapafuni tayari imeshiba oksijeni, ila haina njia ya kufika mwilini. Picha ya moyo ya mawimbi ya sauti huthibitisha.

Dawa ya kwanza ni prostaglandini, inayotiwa mshipani polepole ili kuuzuia mfereji usijifunge. Kwa kuwa huweza kumfanya mtoto asite kupumua, lazima achungwe saa zote. Ikiwa haitoshi, daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinenani au kitovuni hadi moyoni, hujaza kiputo kilicho nchani, kisha hukivuta kwa nguvu ili kulipanua tundu la vyumba vya juu. Njia hiyo ilivumbuliwa na Dkt William Rashkind wa Marekani mwaka 1966. Mtoto wetu huenda akapanda hadi 80 katika dakika chache.

Huko ni kununua muda tu. Upasuaji wenyewe ulifanikiwa mara ya kwanza mwaka 1975, mikononi mwa Dkt Adib Jatene wa Brazili. Huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu, ateri zote mbili hukatwa na kila moja kushonwa mahali pa mwenzake. Sehemu ngumu zaidi ni kuhamisha mishipa midogo inayolisha moyo wenyewe, ambayo upana wake ni milimita moja au mbili. Ikijipinda, msuli wa moyo hukosa damu.

Kazi hii haitakiwi kungoja. Chumba cha kushoto, kwa kusukuma damu mapafuni tu, hufanya kazi nyepesi na msuli wake hudhoofika. Kwa hivyo upasuaji hufanywa katika wiki mbili au tatu za kwanza, ingawa mwenye tundu kubwa kati ya vyumba vya chini huweza kusubiri zaidi.

Watoto wengi waliopasuliwa kwa wakati hukua na kwenda shule kama wenzao, lakini ni lazima waonwe na daktari wa moyo maishani, kwa maana ateri ya mapafu huweza kuwa nyembamba pale iliposhonwa.

Usitegemee kwamba picha ya ujauzito ilikuwa sawa: vyumba vinne vya moyo huonekana kamili hata ateri zikiwa zimebadilishana. Ukiona ulimi wa mtoto mchanga umekuwa wa buluu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na uombe apimwe kiwango cha oksijeni.