Kadi ya Alama Yenye Mizani na Pande Zake Nne

Kadi ya alama yenye mizani ni chombo cha udhibiti wa menejimenti kinachopima utendaji wa taasisi katika pande nne: fedha, wateja, shughuli za ndani, na kujifunza na kukua. Robert Kaplan na David Norton waliitangaza mwaka 1992 katika jarida la Harvard Business Review. Hoja yao ilikuwa kwamba hesabu za fedha husimulia yaliyokwisha kupita. Faida inaweza kupendeza mwaka huu huku wateja wameshaanza kuhama.

Pande hizo nne hushikana kwa sababu na matokeo, na hapo ndipo ilipo nguvu ya kadi. Mfano ulio wazi ni kitengo cha kampuni ya Mobil kilichosafisha na kuuza mafuta Marekani, ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa nyuma ya washindani wake kwa faida. Upande wa fedha, kitengo kilijiwekea lengo la kuongeza faida inayopatikana kwa mtaji uliowekezwa. Lakini faida hiyo ingetoka kwa nani? Utafiti wa soko ulionyesha kuwa madereva wengi hawakufuata bei ya chini tu. Walikuwa tayari kulipa zaidi kidogo wakipata huduma ya haraka, mazingira safi na wahudumu wakarimu.

Vituo vingi, hata hivyo, vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kujitegemea. Kwa hiyo upande wa wateja ulibeba watu wawili: dereva, na mwenye kituo ambaye naye alihitaji kupata faida. Ili kupima huduma, mteja wa siri alifika kituoni kila mwezi, akajaza mafuta, akanunua kitafunwa, kisha akatoa alama kwa alichokiona. Upande wa shughuli za ndani ulipima mambo kama usalama na ubora wa kazi katika viwanda vya kusafishia mafuta. Upande wa kujifunza na kukua uliangalia ujuzi wa wafanyakazi na kama waliuelewa mkakati wenyewe. Kufikia mwaka 1995 kitengo kilikuwa kimepanda hadi kileleni kwa faida, ingawa si haki kuipa kadi peke yake sifa yote.

Kosa la kawaida ni kurundika vipimo vingi chini ya vichwa vinne bila kueleza kipi kinasukuma kipi. Orodha ya namna hiyo si kadi yenye mizani. Kila kiungo cha mnyororo ni dhana inayopaswa kujaribiwa, kwa kuwa mteja aliyeridhika si lazima alete faida. Alama za huduma zikipanda kwa muda mrefu na mapato yakabaki palepale, ama kipimo kina kasoro ama mkakati si sahihi, na menejimenti inapaswa kuurekebisha.