Orodha haijapangwa, lakini kilele chake kinapatikana kwa hatua chache: Hivi ndivyo inavyofanyika

Wanaojifunza programu huambiwa mapema kwamba mbinu ya kutafuta kwa kukata nusu inataka orodha iliyopangwa. Kwenye kutafuta kilele, sharti hilo halipo.

Kilele ni namba inayozidi jirani zake wote wawili. Namba ya mwanzo au ya mwisho ina jirani mmoja tu, hivyo inatosha imzidi huyo.

Chukua orodha hii: 3, 8, 6, 5, 4, 7, 12, 9. Nafasi zinahesabiwa kuanzia 0 hadi 7.

Katikati ni nafasi ya 3, yenye 5. Jirani wa kulia ni 4, maana yake upande wa kushoto ndio uko juu. Nafasi za 4 hadi 7 zinatupwa, bila hata kuangaliwa zote.

Katikati mpya ni nafasi ya 1, yenye 8. Inaizidi 6, basi inabaki nafasi ya 0 na ya 1. Mwisho 3 inapimwa na 8, na 8 inashinda. Kilele kimepatikana kwa kulinganisha mara 3.

Kwa nini haikosei?

Ni kama kupanda mlima kwenye ukungu. Anayefuata upande unaopanda, ama mwinuko utafika mahali uanze kushuka, na hapo ndipo kilele kilipo, ama atapanda mpaka mwisho wa orodha, na namba ya mwisho yenyewe ndiyo kilele. Upande uliobaki hauwezi kukosa kilele.

```
lo, hi = 0, len(a) - 1
while lo < hi:
    mid = (lo + hi) // 2
    if a[mid] < a[mid + 1]:
        lo = mid + 1
    else:
        hi = mid
```

Mzunguko ukiisha, `lo` ndiyo nafasi ya kilele. Kwa kuwa kila hatua inakata nusu, orodha ya namba 1,000,000 inahitaji kulinganisha mara 20 tu.

Wengi wanateleza wapi?

Kosa la kawaida ni kuandika `hi = mid - 1`. Kwenye mfano huu, 8 yenyewe ingetupwa na jibu lingekuwa 3, ambayo si kilele.

La pili ni kudhani jibu ni namba kubwa kuliko zote. Mfano umeleta 8, wakati 12 ipo. Anayetaka kubwa kuliko zote kwenye orodha isiyopangwa hana ujanja, lazima azipitie zote.

Tena, jirani wasilingane. Kwenye 1, 1, 1, 1, 1, 1, 9, 1 programu hii inaona 1 na 1 katikati, inakwenda kushoto na kuishia nafasi ya 0. Ile 9 haiguswi kabisa, na kompyuta haitoi onyo lolote.