Buluu Isiyobadilika

Katika mtihani wa vitendo wa baiolojia, swali la chakula huharibika pale mtunzi anapoiita sampuli "sukari" bila kusema ni ipi. Tuseme sampuli K ni sukari nyeupe ya dukani iliyoyeyushwa majini. Mtahiniwa anachanganya mililita 2 za K na mililita 2 za kimumunyo cha Benedikti, anachemsha, na rangi inabaki buluu. Akiandika "hakuna sukari", amekosea. K haina sukari rahisi kama glukosi, lakini sukrosi imo.

Kwa hiyo swali lidai hatua ya pili: achemshe K mpya na matone ya asidi hafifu ya hidrokloriki, aipoze, aongeze bikaboneti ya sodiamu mpaka povu likome, ndipo atie Benedikti na kuchemsha tena. Sasa buluu hupita kijani, njano na chungwa hadi nyekundu ya matofali. Asidi imeivunja sukrosi.

Usichanganye glukosi ndani ya K, kwani jaribio la kwanza litawahi kuwa jekundu na la pili halitathibitisha lolote. Mwalimu, jaribu sampuli yako mwenyewe asubuhi ya mtihani.