Milimita tatu zinazoamua fremu za mzinga zitanyanyuka au zitavunjika

Mfugaji nyuki wa milima ya Uluguru anayeagiza mizinga ya masanduku kwa seremala wa Morogoro mjini huwa anauliza mambo mawili: bei na aina ya mbao. Swali la tatu ndilo linaloamua kama atavuna bila taabu, nalo ni hili: kati ya fremu za sanduku la juu na zile za sanduku la chini pana nafasi ya milimita ngapi?

Nafasi hiyo ina historia. Mwaka 1851 Mmarekani Lorenzo Langstroth aligundua umuhimu wa kuacha mwanya mdogo ambao nyuki hawauzibi wala kuujenga, bali huutumia kama njia. Mwanya huo ni wa milimita 6 hadi 9 hivi. Ukiwa mwembamba zaidi, nyuki huujaza gundi yao. Ukiwa mpana zaidi, hujenga masega ndani yake. Kwa vyovyote vile masanduku mawili hushikana. Siku ya kuvuna mfugaji hulazimika kung'oa kwa nguvu, masikio ya fremu yanakatika, asali inamwagika na nyuki, ambao huku kwetu ni wakali, wanachachamaa.

Ishara hizi mbili husaidia kutambua kosa. Ukikuta gundi ya rangi ya kahawia kati ya fremu za juu na za chini, nafasi ni ndogo. Ukikuta vipande vya sega vilivyojengwa hapo, nafasi ni kubwa.

Vipande vitatu ndani ya sanduku moja

Fremu rahisi inayotengenezwa na maseremala ni vipande vitatu vilivyopandana: papi ya juu, papi za ubavuni na papi ya chini. Unene wa papi ya juu, urefu wa papi ya ubavuni na unene wa papi ya chini vikijumlishwa ndio kimo cha fremu. Iwapo kingo zinazobeba masikio ya fremu zimechimbwa kwa kina kilekile katika masanduku yote, nafasi kati ya fremu za juu na za chini ni kimo cha sanduku la juu kutoa kimo cha fremu.

Tuchukue mfano wa fundi aliyepanga papi ya juu milimita 20, ubavu 200, papi ya chini 12, na sanduku lenye kimo cha 240. Fremu inakuwa 232 na nafasi ni 8. Kwenye karatasi kazi imekwisha.

Lakini hakuna msumeno unaokata sawasawa kila mara. Tuseme papi za juu na chini, ambazo hupigwa randa, hukosea nusu milimita kila upande. Ubavu na sanduku, ambavyo hukatwa kwa kufuata alama ya penseli, hukosea milimita moja. Sasa tutafute hali mbaya kuliko zote. Fremu yenye vipande vyote vilivyozidi ina 20.5 jumlisha 201 jumlisha 12.5, yaani 234. Ikiingia kwenye sanduku lililopungua la 239, nafasi ni 5 tu. Fremu yenye vipande vilivyopungua ni 230, na kwenye sanduku la 241 inaacha 11.

Kwa hiyo fundi aliyekusudia 8 anaweza kutoa chochote kati ya 5 na 11, wakati nyuki wanakubali 6 hadi 9 tu. Ni kweli kwamba 8 haiko katikati ya 6 na 9; katikati ni 7.5. Hata hivyo kusogeza lengo hakutoshi. Makosa yanatawanyika milimita 3 kila upande, na nyuki wanaruhusu milimita 1.5.

Je, makosa yote hukutana?

Fundi anaweza kujitetea kwamba si rahisi vipande vyote vizidi kwa pamoja. Ni hoja ya haki, na ina hesabu yake. Kila kosa linazidishwa kwa lenyewe, majibu yanajumlishwa, kisha inatafutwa kipeuo cha pili. Hapa ni 0.25, 1, 0.25 na 1, jumla 2.5, na kipeuo chake ni karibu 1.6. Maana yake, lengo likiwekwa kwenye 7.5, fremu nyingi zitaangukia ndani ya mipaka ya nyuki, na chache tu zitatoka nje.

Hesabu hiyo ina sharti moja: kila kosa liwe la bahati nasibu, lisifuate jingine. Kizuio cha msumeno kikisogea milimita moja asubuhi, papi zote za ubavuni za siku hiyo zitazidi milimita moja. Hapo makosa hayafutani tena, na oda nzima inaharibika kwa upande mmoja.

Dawa rahisi ni kupunguza idadi ya makosa. Fundi aiache papi ya chini ikiwa nene kuliko inavyotakiwa, aunganishe fremu kwanza, aiweke kwenye kalibu ya kimo cha 232.5, kisha arande papi hiyo ya chini mpaka iwe sawa na kalibu. Makosa matatu ya vipande yanageuka kuwa kosa moja la fremu nzima, la nusu milimita. Likijumlishwa na milimita moja ya sanduku, linakuwa 1.5, na nafasi inabaki kati ya 6 na 9 hata katika hali mbaya kabisa.

Mbao mbichi huvuruga hesabu

Kuna kosa jingine ambalo halionekani karakanani. Nyuzi za mbao ya sanduku hulala kwa mlalo, hivyo kimo cha sanduku kinapita kukata nyuzi, na huko ndiko mbao husinyaa. Ubavu wa fremu umesimama kufuata nyuzi, hivyo karibu haubadiliki. Mbao ya msonobari yenye unyevu wa asilimia 18 ikikauka hadi 12 inaweza kupoteza zaidi kidogo ya asilimia 1 ya upana wake. Kwa sanduku la milimita 240 hizo ni karibu milimita 3. Nafasi ya 7.5 inabaki 4.5, na nyuki wanaanza kupaka gundi ingawa siku ya kukabidhiwa mzinga ulikuwa sahihi.

Kinyume chake, sanduku lililokatwa kiangazi kutoka mbao iliyokauka mno huvimba wakati wa masika, hasa upande wa mashariki wa Uluguru kama Kinole na Matombo, ambako mvua ni nyingi. Hivyo mbao ikaushwe kwanza kivulini, na mzinga upakwe rangi nje ili unyevu usiingie na kutoka haraka.

Kabla ya kulipa, mfugaji anaweza kupima mwenyewe. Aweke madonge ya unga uliokandwa laini juu ya fremu za chini, mbele, katikati na nyuma, kisha apandishe sanduku la juu lenye fremu zake. Akilinyanyua, akate kila donge na kulilinganisha na biti mbili za drili, ya milimita 6 na ya 9. Donge lisiwe jembamba kuliko ya kwanza wala nene kuliko ya pili. Asipime mzinga mmoja tu. Achanganye masanduku na fremu za mizinga tofauti, kwa sababu shambani ndivyo zitakavyochanganywa.