Milimita za Kwanza: Msingi Unavyotitia Juu ya Udongo wa Mfinyanzi

Zege la sakafu likimwagwa, nguzo iliyosimama juu ya udongo wa mfinyanzi wenye maji hushuka siku hiyohiyo. Hushuka milimita chache tu, na jicho halizioni, lakini kifaa cha kupimia usawa huzionyesha. Maji yaliyo kati ya chembe za udongo bado hayajapata muda wa kutoka, kwa hiyo ujazo wa udongo haupungui. Unachofanya ni kubonyea chini ya msingi na kufura pembeni, kama donge la unga uliokandwa ukilikandamiza kwa kiganja. Baadaye maji huanza kukamuka polepole na jengo likaendelea kushuka kwa miezi, pengine miaka. Huo wa baadaye ni mtitio mwingine na una hesabu yake. Hapa tunashughulika na ule wa papo hapo.

Hesabu yake ni fupi:

```
s = q × B × (1 − ν²) × I / E
```

Herufi s ni mtitio, q ni shinikizo la msingi juu ya udongo, na B ni upana wa msingi. Alama ν ni uwiano wa Poisson, unaoeleza kitu kinafura pembeni kiasi gani kinapobanwa. Kwa mfinyanzi uliojaa maji na ambao haujapata muda wa kuyatoa, uwiano huo ni 0.5, kwa hiyo mabano yanabaki 0.75. I ni kizidishio kinachotokana na umbo la msingi, na E ni ukakamavu wa udongo. Mzizi wa hesabu hii ni kazi ya Mfaransa Boussinesq ya mwaka 1885, na makosa mengi katika kuitumia huingilia kwenye E.

Tuchukue nguzo ya nyumba ya ghorofa inayobeba kilonewtoni 400, yaani kama tani 40. Imekaa juu ya kitako cha mraba cha mita 2 kwa 2, kwa hiyo shinikizo ni kilonewtoni 100 kwa kila mita ya mraba. Chini yake kuna mita 4 za mfinyanzi wa ugumu wa wastani, kisha mwamba. Kipimo cha nguvu ya mfinyanzi huo, yaani uwezo wake wa kustahimili kukatika, kimetoa kilonewtoni 50 kwa mita ya mraba.

Ukakamavu tutaupata wapi? Njia inayomjia mtu haraka ni kuchukua sampuli, kuiminya maabara na kusoma inavyofupika. Shida ni kwamba sampuli hutikisika inapotolewa shimoni, husafirishwa, hukatwa, na kila hatua huilegeza. Ukakamavu huumia kuliko nguvu, na mara nyingi maabara hutoa tarakimu ndogo kuliko hali halisi, hata chini ya nusu yake. Ndiyo maana wahandisi wengi huanzia kwenye nguvu, ambayo hupimika kwa uhakika zaidi, kisha wanaizidisha. Duncan na Buchignani, katika mwongozo wao wa mwaka 1976, walionyesha kuwa kizidishio hicho hutegemea jinsi udongo unavyonata na kufinyangika, na kama uliwahi kubanwa na mzigo mkubwa kuliko wa sasa. Mfinyanzi usionata sana, ambao haukuwahi kubanwa kupita kiasi, huanzia karibu mara 600 ya nguvu yake. Wa kati ni karibu 300, na ule unaonata sana hushuka hadi kama 125. Udongo wetu ni wa kati. Mara 300 ya 50 ni 15,000.

Tarakimu hiyo isichukuliwe kama kauli ya mwisho. Ikiwa kiwanja kinaruhusu, inafaa kuihakiki kwa sahani ya chuma ya duara, yenye kipenyo cha sentimita 30, inayokandamizwa juu ya udongo kwa jeki. Tuseme chini ya shinikizo lilelile la 100 sahani imeshuka milimita 1.2. Kizidishio cha duara gumu ni 0.79, na tukiigeuza hesabu yetu tunapata E ya karibu 14,800. Inalingana vizuri, ila kuna mtego. Sahani ndogo huhisi udongo wa nusu mita tu au zaidi kidogo, na tabaka hilo la juu huwa limekaushwa na jua likawa gumu kuliko lililo chini. Sahani inatakiwa ikae kwenye kina cha msingi wenyewe, na hata hapo haisemi lolote kuhusu mita ya tatu.

Sasa vizidishio. Kwa mraba unaopindika, juu ya udongo usio na mwisho chini, I ni 1.12 katikati na nusu yake, 0.56, kwenye pembe. Tukiweka 1.12 tunapata milimita 11. Lakini udongo wetu unakomea mita 4, na mwamba hautitii. Njia ya Steinbrenner ya mwaka 1934 hukata sehemu iliyo chini ya mwamba, na I inashuka hadi 0.82; mtitio unakuwa milimita 8. Njia hiyohiyo inaonyesha kuwa mita 2 za kwanza pekee, kina kinacholingana na upana wa kitako, hubeba karibu nusu ya mtitio wote wa udongo usio na mwisho. Kwa hiyo sampuli za kina hicho ndizo za kulipiwa kwanza.

Kitako cha zege nene hakipindiki. Hushuka kwa pamoja. Kwa desturi huchukuliwa kuwa hushuka karibu asilimia 80 ya katikati ya kile kinachopindika. Tunabaki na milimita 6.5. Kipo pia kizidishio cha kina, cha Fox wa mwaka 1948, kinachopunguza kidogo zaidi msingi ukizikwa. Mimi sikipendi kwa vitako vya kina kifupi, kwa kuwa udongo wa kujazia pembeni huwa umechimbwa na kulegezwa.

Vizidishio hivi vimebadilisha jibu kutoka 11 hadi 6.5, na mabadiliko hayo tunaweza kuyatetea. E je? Ukikadiria kizidishio cha nguvu kuwa 200 au 500 badala ya 300, na huwezi kumlaumu mwenzako akichagua hivyo, mtitio unakuwa kama milimita 10 au 4. Jibu la kweli la mhandisi ni kati ya 4 na 10. Anayeandika 6.53 kwenye ripoti ameamini kikokotoo kuliko kiwanja.

Hesabu yote hii inadhani udongo bado uko mbali na kukatika. Kitako chetu kingeuvunja kwa shinikizo la karibu 310, kwa hiyo tumebakiza akiba ya mara tatu. D'Appolonia, Poulos na Ladd walieleza mwaka 1971 kwamba akiba ikipungua, sehemu za udongo chini ya kingo huanza kukatika mapema na mtitio huzidi ule wa kanuni. Udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, nao haumo kabisa katika hesabu hii.

Linalosahaulika zaidi ni jirani. Tuseme nguzo ya pembeni inabeba kilonewtoni 100 kwenye kitako cha mita 1 kwa 1. Shinikizo ni lilelile 100, na wengi hudhani vitako vyote viwili vitashuka sawasawa. Kumbe upana umo ndani ya kanuni. Kitako kidogo kinatoka na milimita 3.9 dhidi ya 6.5. Nguzo zikiachana mita 4, tofauti ya milimita 2.6 ni kama sehemu 1 kwa 1,500 ya umbali huo. Skempton na MacDonald, mwaka 1956, waliweka kikomo cha nyufa za kuta kwenye 1 kwa 300, kwa hiyo tofauti hii ya mwanzo haitishi. Tena sehemu yake kubwa hutokea fremu inapopanda, kabla fundi hajapiga plasta. Mtitio wa maji kukamuka ndio utakaokuja ukuta ukiwa tayari umepakwa rangi, na huongezwa juu ya huu.