Volti 230 Zinapozaa 1,460

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230, hezi 50. Ukipitishwa kwenye koili ya henri 1 yenye ukinzani wa omu 50, koili huukaba kwa omu 314 zaidi. Impidansi nzima si 364 bali 318, kwani vizuizi hivyo hujumlishwa kama pande za pembetatu mraba. Mkondo ni ampea 0.72 tu, nao huchelewa nyuma ya volti kwa nyuzi 81.

Sasa iongezwe kapasita ya mikrofaradi 10 kwa mfululizo. Nayo huzuia kwa omu 318, ila kinyume cha koili, hivyo viwili hivyo karibu vifutane. Mkondo hupanda hadi ampea 4.6 na pembe ya awamu hukaribia sifuri.

Hiyo ndiyo resonansi: f = 1/(2π√(LC)), hapa hezi 50.3.

Lakini kapasita imebeba volti 1,460. Iliyoandikwa 450 itapasuka.