Unaacha laini ya zamani? Itoe kwanza Facebook na WhatsApp

Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kuifunga na baadaye kumuuzia mtu mwingine namba ileile. Huo si wizi, ni utaratibu wa kawaida. Shida ni kwamba Facebook haipewi taarifa kuwa namba imebadili mmiliki.

Chukua mfano wa fundi cherehani wa Mbagala aliyefungua Facebook kwa namba yake ya kwanza, kisha akahamia mtandao mwingine wenye bando nafuu. Laini ya zamani akaitupa. Mwaka mmoja baadaye, kijana wa Tandale anasajili laini mpya na kupewa namba hiyo. Akifungua Facebook, akabonyeza Forgot password? na kuandika namba yake, anaweza kuletewa jina na picha ya fundi. Akiomba kodi, SMS inaingia kwake. Hapo anabadili nywila, anaingia, na anaanza kuwaomba wateja wa fundi pesa.

Kinga ni kuiondoa namba wakati laini bado iko mkononi, kwa sababu Facebook inaweza kutaka uthibitishe kwa kodi inayotumwa kwenye namba hiyohiyo.

Kwenye Facebook, nenda Settings, kisha Accounts Center, Personal details, halafu Contact info. Ongeza kwanza namba mpya au baruapepe na uithibitishe. Baada ya hapo gusa namba ya zamani na uifute. Usiishie hapo: rudi Accounts Center, ingia Password and security, fungua Two-factor authentication uone kama namba ya zamani bado inatumika kupokea kodi za kuingilia. Kama ipo, weka mpya.

WhatsApp ina njia yake. Usiifute wala kuanza upya. Weka laini mpya, nenda Settings, Account, kisha Change number, uandike namba ya zamani na mpya. Makundi na wasifu wako vinahamia namba mpya.

Utajuaje kama umefanikiwa? Azima simu ya mtu, fungua Facebook bila kuingia kwenye akaunti, bonyeza Forgot password? na uandike namba ya zamani. Jina lako likitokea, kazi haijaisha.

Na kama laini imeshapotea? Wahi duka la kampuni ya simu na kitambulisho cha NIDA ukarudishiwe namba, kabla haijapewa mtu mwingine. Ukipiga *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Lakini kumbuka, kufuta usajili wa laini hakuitoi namba Facebook. Hiyo lazima uitoe mwenyewe.